Somo la sehemu za ua kwa darasa lenye mwanafunzi kiziwi na mwingine asiyeona: mwongozo kamili kwa wanachuo wa ualimu

Nianze na kilichonipata mwenyewe. Siku za mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya darasa la sayansi nimechora ua kubwa ubaoni kwa chaki za rangi, mchoro umekaa vizuri kabisa, nikawa naonyesha kwa rula huku nasema "hii imeshikana na hii, halafu chavua inatoka hapa inaenda pale". Binti mmoja asiyeona aliyekaa benchi la mbele akanyoosha mkono akauliza kwa upole, "Mwalimu, hii ipi?" Nikakosa jibu. Na kule dirishani kulikuwa na kijana kiziwi ambaye muda wote nilidhani anafuatilia kwa sababu alikuwa ananakili bila kuchoka, nilipokusanya madaftari nikakuta kweli amenakili kila neno la ubaoni hadi tarehe, ila kwenye zoezi ameandika petali palipotakiwa sepali na stigma palipotakiwa stameni, yaani maneno anayo yote ila hajui lipi ni la kitu gani.

Somo hilo hilo nimeshalifundisha tena mara nyingi, na hapa naeleza hatua kwa hatua ninavyoliandaa sasa hivi kwa darasa lenye watoto wa aina hiyo wawili pamoja na wenzao wanaoona na kusikia. Nimechagua somo moja tu makusudi, manake maelezo ya jumla jumla kuhusu ulemavu mmeshaandika sana kwenye notsi za chuo, kinachokosekana ni kuona andalio la somo likibadilishwa mstari kwa mstari.

Kwanza tuelewane elimu jumuishi ni nini

Kuna vitu vinachanganywa sana. Shule maalumu ni shule ya peke yake, ya viziwi au ya wasioona. Kitengo ni darasa maalumu lililomo ndani ya shule ya kawaida, watoto wanakutana na wenzao mstarini na mchezoni ila wanasomea chumba chao. Halafu kuna hali ambayo wengi wanaiita jumuishi na siyo, mtoto kiziwi anaandikishwa darasa la kawaida, anapewa dawati, na somo linaendelea vile vile kama lilivyokuwa jana, yeye ndo anatakiwa ajibane alifuate. Elimu jumuishi inaanza pale ambapo kinachobadilika ni somo: vifaa, namna ya kuongea, mpangilio wa viti, namna ya kupima. Azimio la Salamanka la 1994 ndo lililosukuma wazo hili duniani, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, ukaliweka kuwa haki, ukataja wazi kwamba mwanafunzi apatiwe marekebisho anayohitaji, na kwamba shule iwezeshe kujifunza nukta nundu na lugha ya alama.

Hapo kwenye lugha ya alama nitasema ninachoamini bila kuzunguka. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake darasa la kawaida ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua lugha ya alama, hajajumuishwa, na mara nyingine yuko mpweke kuliko angekuwa shule ya viziwi. Kwa hiyo ukipangiwa shule ya namna hiyo, kabla hujauliza habari ya vifaa uliza nani anaongea na huyu mtoto kwa lugha yake.

Hatua ya 1: Jua anaona nini na anasikia nini

Usiandike tu "ana ulemavu wa macho" kwenye daftari lako ukaridhika. Wasioona kabisa ni wachache kuliko wenye uoni hafifu, na uoni hafifu una sura nyingi. Kuna anayeona ukungu kila mahali, huyu ukimkuzia maandishi hadi saizi 18 au zaidi na ukatumia wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa anasoma. Kuna anayeona katikati tu kama anachungulia kwenye bomba, huyu ukimkuzia mchoro sana unamharibia, manake sasa unapita nje ya ile nafasi ndogo anayoona na inabidi ausome vipande vipande. Kuna mwenye ualbino ambaye mwanga mkali ndo adui yake mkubwa, huyu kumweka karibu na dirisha lenye jua ukidhani unamsaidia ni kumfungia macho. Njia rahisi ya kujua ni kukaa naye dakika 10, umpe kitabu, umwache akishike atakavyo na umwangalie. Akikisogeza hadi puani mwache, kusoma kwa karibu hakumwongezei ubovu wa macho, ndo lenzi yake ya kukuza hiyo.

Kwa kusikia ni hivyo hivyo. Kiziwi anayetumia lugha ya alama tangu mdogo na mtoto mwenye usikivu hafifu anayevaa shimesikio ni watoto wawili tofauti kabisa. Yule wa pili wengi wanamdhania anasikia kila kitu. Hapana. Shimesikio inakuza sauti zote, ya kwako na ya madawati yanayoburutwa, na inafanya kazi vizuri ukiwa karibu, mita 1 au 2 hivi, ukienda nyuma ya darasa sauti yako inazama kwenye kelele. Tena sauti nyembamba kama s, f na sh mara nyingi ndo zinapotea kwanza. Sasa rudi kwenye somo letu uone: sepali na petali. Zote zinaishia na ali, na ile s ya mwanzo ndo hiyo hiyo asiyoisikia. Kama mwenye shimesikio anakosea hivyo, basi kijana wangu kiziwi hakuwa mzembe hata kidogo.

Na usitegemee kusoma midomo. Simama mbele ya kioo utamke bila sauti baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kile kile mara tatu. Mtoto anayesoma midomo anakisia kwa kufuata maana ya sentensi, na neno geni la kisayansi halikisiki, kwa sababu hajawahi kukutana nalo.

Hatua ya 2: Pitia andalio lako ukitafuta njia

Chukua andalio lako kama lilivyo, kabla hujarekebisha chochote. Pembeni mwa kila tendo andika herufi M kama habari inapita kwenye macho tu, S kama inapita kwenye masikio tu, na MS kama inapita kote kote. Langu la zamani lilikuwa hivi: kuuliza maswali ya utangulizi kwa mdomo, S. Kuchora ubaoni, M. Kueleza kazi ya kila sehemu huku nimegeukia ubao, S. Wanafunzi kuangalia ua mezani kwa mwalimu, M. Wanafunzi kuchora na kutaja sehemu, M. Karibu kila tendo lilikuwa na mtoto mmoja nje.

Kazi yako sasa ni kwamba kila penye herufi moja ufungue njia ya pili, na kwa asiyeona njia ya pili mara nyingi ni mkono. Zoezi lenyewe halichukui hata nusu saa na ndo linakuambia vifaa gani uandae, badala ya kukimbilia kutengeneza vitu vizuri ambavyo havina kazi.

Hatua ya 3: Andaa ua lenyewe, mchoro wa kugusa na kadi

Ua ninalotumia ni haibiskasi. Ni kubwa, sehemu zake zinashikika, na lina mpangilio unaohesabika kwa kidole: petali 5, na juu kabisa stigma yenye vichwa vidogo 5. Lichume asubuhi ya siku ya somo, ua moja la haibiskasi kwa kawaida linachanua siku moja tu, ukilichuma jana leo umeshika kitu kilichojikunja. Mimi nahesabu ua moja kwa wanafunzi watatu, na kwa asiyeona mawili ya peke yake, moja la kugusa likiwa zima na la pili la kuchambua.

Sasa kuna tatizo moja ambalo nililigundua kwa kuumia. Kwenye haibiskasi stameni zimeungana zikawa bomba, staili inapita ndani ya bomba hilo, na vile vifuko vya chavua vimejipanga kuzunguka bomba kwa nje. Mchoro wa vitabu vingi unaonyesha stameni zimesimama mbalimbali zimezunguka pistili. Mtoto anayeona anapatanisha mwenyewe, ataona ni kitu kile kile kimechorwa kivingine. Asiyeona akigusa ua halisi halafu ukampa mchoro wa kugusa ulionakiliwa kitabuni, anaona vitu viwili visivyohusiana kabisa, na hawezi kukuambia kosa liko wapi kwa sababu hajui kama kuna kosa. Kwa hiyo mchoro wa kugusa utengeneze wa ua lile lile aliloshika. Mchoro wa kitabu utakuja baadaye kama ua la pili.

Kuutengeneza chukua manila ngumu, chora kwa penseli ua lililopasuliwa katikati, upana kama kiganja kilichofunguliwa. Mistari ya nje ifuatishe kwa uzi mnene uliogandishwa kwa gundi. Bomba la stameni liweke kwa uzi mwingine wenye mguso tofauti, hata wa katani. Vifuko vya chavua weka matone ya gundi na uache yakauke usiku kucha. Ovari kata kipande cha kitambaa kizito ubandike. Kati ya mstari na mstari acha nafasi isiyopungua milimita 5, vikikaribiana zaidi kidole kinasoma kitu kimoja. Mishale ya kuelekeza majina usiweke kabisa, kidole hakijui kwamba mshale siyo sehemu ya ua. Weka herufi moja ya nukta nundu karibu na kila sehemu na maelezo ya herufi hizo kwenye karatasi ya pembeni. Kama nukta nundu huijui vizuri mwombe mwanafunzi mwenyewe au mwalimu wa kitengo aandike, na ukiandika kwa kibao na kalamu ya nukta kumbuka unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ndo ukigeuza karatasi isomeke sawa.

Kabla hujampelekea, fumba macho uuguse mchoro. Hiyo peke yake haitoshi manake wewe unajua ulichochora, kwa hiyo mpe mtu mwingine aliyefumba macho ambaye hajauona, akishindwa kukuambia kuna vitu vingapi basi umejaza mno.

Kwa kijana kiziwi kifaa kikubwa ni kadi. Kila sehemu ya ua kadi moja, upande mmoja picha ya sehemu hiyo tu, upande wa pili neno kwa herufi kubwa na sentensi fupi ya kazi yake. "Petali inavuta wadudu." Siyo "ili wadudu waweze kuvutiwa na rangi ya petali". Lugha ya alama ina sarufi yake, na kwa mtoto aliyekulia humo Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia ikiongewa, hivyo neno kama yanayovutiwa lenye vipande vingi ndani yake ni mzigo hata kama sayansi yake anaijua.

Hatua ya 4: Siku moja kabla

Hii ndo hatua ambayo wanachuo wengi wanairuka na ndo inayookoa somo. Inataka dakika 15 kwa kila mtoto, mapumziko au baada ya vipindi.

Kijana kiziwi, kaa naye pamoja na mkalimani kama yupo. Mpeni kadi na ua halisi. Maneno kama sepali au staili huenda hayana alama inayojulikana, kwa hiyo wakubaliane alama ya kutumia, wasiibuni papo hapo somo likiendelea. Usiibuni wewe, mwachie kijana na mkalimani, ni lugha yao. Siku moja kijana aliionyesha stigma kwa kukusanya ncha za vidole vyake vitano juu ya ngumi nyingine, nikaelewa pale pale kwamba ameshaliona ua kuliko nilivyotarajia. Mkalimani mpe na andalio lako zima, asikutane na neno ovari kwa mara ya kwanza mbele ya darasa.

Binti asiyeona mpe ua zima. Usimshike mkono ukamburuta kwenye kitu, unamkatisha tamaa na unamnyang'anya nafasi ya kutafuta. Weka mkono wako chini ya wake, aufuatishe akitaka, auache akitaka. Anzieni kikonyo mpande juu. Kwanza atakutana na vijani vyembamba vinavyozunguka chini ya ua, hivyo kwenye haibiskasi viko chini ya sepali na vinachanganya watu wote, mwambie ni mzunguko wa nyongeza, sepali zenyewe ndo hizo zinazofuata, ngumu kidogo, zimeshikana zikawa kama kikombe. Kisha petali, laini, kubwa, zinapishana. Kisha aingize kidole katikati akute bomba, alipande taratibu, ataanza kuhisi vitu vidogo kama chembe, hivyo ni vifuko vya chavua, na vidole vikitoka na unga mwambie unga huo ndo chavua yenyewe. Mwisho kabisa kileleni avihesabu vile vichwa 5.

Ovari ni ndogo, na mayai yaliyomo ndani hayahisiki kwa kidole, hapa ua limefika mwisho wake. Mimi natumia bamia. Bamia na haibiskasi ni za familia moja ya mimea, na bamia tunayoikata ni ovari iliyokua. Ikate kwa mkingamo aguse vyumba vilivyopangika kuzunguka katikati na mbegu ndani yake. Kwa njia hiyo anapata jambo ambalo hata wenzake wanaoona hawalipati kwenye mchoro, kwamba tunda lilikuwa ovari.

Kuna mwalimu aliniuliza kama hiyo siyo kumpendelea, kumfundisha somo mara mbili. Anayeona analiona ua zima kwa sekunde moja. Kidole kinasoma kipande kimoja kimoja halafu akili inaunganisha, hizo dakika 15 ndo ile sekunde moja.

Hatua ya 5: Viti na mwanga

Hapa ni haraka. Kijana kiziwi akae mbele pembeni kidogo, mahali anapoona uso wako, mkalimani na darasa bila kugeuza shingo kila mara. Mkalimani asimame karibu na wewe na ubao. Wewe usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako, uso unakuwa kivuli. Mwenye uoni hafifu akae anaposema mwenyewe anaona vizuri, na ubao ufutwe ukauke, chaki nyeupe au ya njano. Asiyeona apate meza yenye nafasi ya mashine yake ya nukta nundu au kibao chake na trei yenye ukingo ya kuwekea ua, lisidondoke akaanza kulitafuta sakafuni.

Hatua ya 6: Kufundisha, pale mahitaji yanapogongana

Vitabu vya mbinu vinaeleza kiziwi kwenye sura moja na asiyeona sura nyingine. Darasani wako pamoja, na mengine yanayomsaidia mmoja yanamwangusha mwingine. Asiyeona anataka uongee wakati anagusa, neno na kidole viende pamoja. Kiziwi hawezi kuangalia ua na kuangalia mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja, ana macho mawili yanayokwenda upande mmoja. Ukiongea mfululizo huku darasa linachunguza ua, binti anafaidi na kijana anachagua kimoja akose kingine.

Ninachofanya ni kukata somo vipande vifupi na kila kipande kina mwendo ule ule. Nasema, nanyamaza, wanaangalia na kugusa, nawaita tena. "Sasa tunatafuta sepali. Ni kikombe kigumu kilicho juu ya kikonyo, chini ya petali. Nawapa dakika moja." Halafu nanyamaza kabisa hiyo dakika. Kijana anamaliza kumwangalia mkalimani ndo anashuka kwenye ua. Binti ameshaligusa jana kwa hiyo hahitaji nimsimulie anapogusa, yeye dakika hiyo anatafuta jina liende wapi. Unaona sasa kwa nini hatua ya 4 siyo hiari, ile kugusa ya jana ndo inayokupa ruhusa ya kunyamaza leo. Kisha nazima na kuwasha taa mara moja na kupiga kofi moja kwa pamoja, mmoja anaona mwingine anasikia, tunarudi. Kama hakuna umeme nanyanyua mkono juu na wanafunzi wote wanyanyue wa kwao wakati napiga kofi.

Ubaoni mgongano ni huo huo. Asiyeona anahitaji usome kwa sauti unachoandika. Kiziwi, ukiongea umegeukia ubao, midomo haioni na kama hana mkalimani amekosa kila kitu. Kwa hiyo andika kimya, maliza, geuka, ndo usome kwa sauti ukiwa umewatazama. Inakuongezea sekunde chache tu na mwanzoni utajisikia kama umepoteza muda, wiki ya pili umezoea.

Maneno hii, hapa, pale, hivi, yatoe. Kila ukitaka kusema hapa jilazimishe kutaja mahali: "juu ya bomba", "chini ya petali". Mkalimani naye anapona, manake hapa bila jina linamlazimu ageuke kuangalia unaonyesha nini halafu arudi kwa mtoto, na huo muda sentensi inayofuata imeshapita. Rangi usiifiche eti kwa sababu kuna asiyeona. Sema petali ni nyekundu na ndege anavutwa, hilo ni jambo la sayansi na atalijibia mtihani kama wengine.

Ukiuliza swali, hesabu kimyakimya hadi tano kabla ya kuchagua mtu. Mkalimani yuko nyuma yako sekunde kadhaa, ukichagua mkono wa kwanza ulionyooka kila siku utachagua wanaosikia tu. Na unapoongea na kijana mtazame yeye, usimwambie mkalimani "muulize kama ameelewa". Notsi mpe zimeandikwa tayari au mwenzake mmoja amnakilie, manake akiinamisha kichwa kuandika ameshaondoka kwenye somo. Ndo ilivyokuwa kwa kijana wangu wa mwanzo, alinakili vizuri kwa sababu kunakili ndo kitu pekee kilichokuwa kimebaki kwake.

Hatua ya 7: Vikundi

Weka kanuni moja tu: anayetaka kuongea ananyoosha mkono, anataja jina lake, ndo anaongea, mmoja mmoja. Kiziwi anajua amtazame nani, asiyeona anajua nani anaongea. Kikundi kiwe cha wanne au watano, zaidi ya hapo inavurugika. Na usiwaweke hao wawili kundi moja kwa kuwa tu wote wana ulemavu, njia zao za kupashana habari ndo zinapishana zaidi ya zote: mmoja anaongea kwa mikono, mwingine haioni mikono. Wakitaka wenyewe kukaa pamoja ni sawa, ila awepo mwenzao anayejua alama.

Hatua ya 8: Kupima bila kujidanganya

Usiulize "mmeelewa?" Kijana kiziwi ataitikia kwa kichwa, wengi wanajifunza mapema kwamba kutikisa kichwa kunamfanya mwalimu aondoke. Sema nionyeshe. Na binti anaweza kukutajia sepali, petali, stameni, pistili kwa mpangilio bila kukosea kwa sababu amekariri wimbo, hiyo haikuambii kitu. Mpe ua la aina nyingine, ambalo stameni zake zimeachana, muulize stameni ziko wapi na amejuaje. Akisema "nimetafuta zenye unga" ameelewa. Akitafuta bomba, amekariri haibiskasi. Hapo ndo pa kumpa na mchoro wa kugusa wa kitabuni.

Kwenye zoezi la kuandika, lengo langu linasomeka "mwanafunzi aweze kutambua sehemu nne za ua na kueleza kazi zake", kwa hiyo neno chora halimo kwenye lengo na sina sababu ya kumlazimisha asiyeona kuchora. Anaunda ua kwa udongo wa mfinyanzi na kutaja kila kipande, au anachambua ua na kupanga sehemu kwenye trei akiandika herufi za nukta nundu. Mpe muda zaidi, kusoma na kuandika nukta nundu kunachukua muda mrefu kuliko maandishi ya kawaida, mimi naanzia na robo ya muda wa ziada kisha naongeza nikiona hajamaliza kwa sababu ya kuandika na siyo kwa sababu ya kutojua.

Kijana aliniandikia siku moja: "Mdudu kuja ua, chavua mguu kushika, kwenda ua ingine." Sarufi imeyumba. Uchavushaji upo wote, mdudu, chavua, ua la pili. Nilimpa alama zote za sayansi, na sentensi yenyewe nikaipeleka kwa mwalimu wa Kiswahili waifanyie kazi kwenye kipindi chake.

Baada ya kipindi, ile sehemu ya maoni kwenye andalio usiandike "somo limefundishwa vizuri". Andika kilichokwama na mahali pake. Ya kwangu ya mwisho inasema: dakika ya 20 nilirudia kusema "hapa" mara mbili, sepali na vile vijani vya chini bado vinachanganywa na nusu ya darasa, wanaoona wamo, uzi wa bomba kwenye mchoro wa kugusa unafanana mno na uzi wa petali, nibadilishe kabla ya Alhamisi, mkalimani ameomba neno uchavushaji apewe siku mbili kabla.